Herufi Moja, Siku Moja: Cheti cha Kuzaliwa Kilichokosewa na Njia ya Kukisahihisha

Mtoto aliyezaliwa saa nane usiku ni wa siku gani? Muulize baba yake, atasema alizaliwa Ijumaa usiku, kwa sababu jua lilipotua ilikuwa Ijumaa na yeye alikuwa bado hajalala. Muulize bibi yake wa pwani, atasema ni mtoto wa usiku wa Jumamosi, kwa sababu kwa hesabu ya wazee siku huanza magharibi, na usiku hutangulia mchana wake. Mkunga aliyekuwa zamu ataangalia saa ya ukutani, aone saa sita ya usiku imeshapita, aandike tarehe ya Jumamosi. Wote watatu wanasema kweli. Lakini kwenye cheti cha kuzaliwa kuna nafasi ya tarehe moja tu, na atakayeijaza ni karani ambaye hakuwepo usiku ule.

Makosa mengi ya tarehe huanzia hapo, bila mtu yeyote kudanganya. Ya majina nayo yana asili kama hiyo. Mama anatamka, karani anaandika anachosikia. Penye makabila ambayo ulimi hautenganishi sana R na L, Zuhura huwa Zuhula na Sharifu huwa Shalifu. Ramadhani hugeuka Ramazani. Hamisi wa Tanga ni Khamis akiandikwa Unguja. Yusufu huandikwa Yusuf, Yusuph au Yusufu kulingana na kalamu iliyopo mezani. Zamani hilo halikumsumbua mtu, kwa sababu aliyesoma karatasi alikuwa binadamu, na binadamu anajua kuwa Athumani na Athuman ni yule yule. Leo taarifa hulinganishwa herufi kwa herufi na tarakimu kwa tarakimu. Ndipo kijana aliyemaliza kidato cha sita anapoomba mkopo wa elimu ya juu akagundua kuwa karatasi zake hazikubaliani zenyewe kwa zenyewe.

Makala haya yanaeleza njia ya kusahihisha cheti kama hicho Tanzania Bara, ambako kazi ya usajili iko chini ya Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA. Kuna jambo moja ambalo mtu akilielewa mapema hupunguza safari, gharama na machozi, nalo ndilo tutakaloanza nalo.

Cheti ni nakala, daftari ndilo shina

Watu wengi hudhani cheti cha kuzaliwa ndicho kumbukumbu yenyewe. Sivyo. Kumbukumbu yenyewe ni mstari ulioandikwa katika daftari la vizazi, ambao maofisa huuita ingizo. Cheti ni nakala ya ingizo hilo, iliyotolewa na kutiwa saini na mwenye mamlaka. Ndiyo maana kwenye cheti kuna namba ya ingizo. Namba hiyo ni kama anwani ya nyumba: inamwambia ofisa afungue daftari gani na asome mstari upi.

Tukirudi nyuma zaidi, ingizo nalo lilitokana na karatasi nyingine. Mtoto aliyezaliwa katika kituo cha afya hupewa tangazo la kizazi, na aliyezaliwa nyumbani hutangazwa kupitia mtendaji wa eneo. Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108, inataka kizazi kisajiliwe ndani ya siku 90. Kikipita muda huo kinaweza kusajiliwa bado, lakini huwa ni usajili uliochelewa, na anayesajili hudaiwa ushahidi zaidi. Katika kila usajili yupo mtu anayeitwa mtoa taarifa, yaani baba, mama, au mwingine aliyefika mbele ya msajili na kueleza habari za mtoto. Jina lake linabaki kwenye kumbukumbu.

Kwa hiyo kuna hatua tatu: tukio lenyewe la kuzaliwa, taarifa iliyopelekwa na kuandikwa daftarini, na nakala iliyotolewa kama cheti. Kosa linaweza kuingia baina ya hatua ya kwanza na ya pili, au baina ya pili na ya tatu. Kwa macho yako wewe unayeshika cheti, makosa hayo mawili yanafanana kabisa. Kwa msajili, ni mambo mawili tofauti yenye njia mbili tofauti.

Kama daftari limeandikwa vizuri na cheti ndicho kilichokosea, hilo ni kosa la kunakili. Ofisi iliyotoa cheti inaweza kulinganisha na daftari lake, ikaona kosa kwa macho yake, ikatoa nakala iliyo sahihi. Hapo hakuna haja ya kuthibitisha ulizaliwa lini, kwa sababu daftari limeshasema.

Kama daftari lenyewe ndilo lililokosea, cheti hakina hatia. Kimenakili uaminifu wa kosa. Hapa msajili anaombwa abadili kumbukumbu ya serikali, na hatafanya hivyo kwa maneno matupu. Atataka ushahidi wa kuwa ukweli ulikuwa tofauti na alichoambiwa na mtoa taarifa.

Ipo na hali ya tatu, ambayo huvaa nguo za kosa ingawa si kosa. Mtu alisajiliwa kwa jina ambalo wazazi wake walilitaka, akalitumia, kisha baadaye akataka jingine: ameslimu, amebatizwa, au anataka jina la ukoo badala ya jina la babu. Daftari halijakosea kitu hapo. Njia yake ni hati ya kubadili jina, ambayo huandaliwa na wakili na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati. Anayekwenda dirisha la masahihisho na ombi la aina hii atarudishwa, na anayeapa kuwa jina alilopewa na wazazi lilikuwa kosa la karani atakuwa ameapa uongo.

Basi swali la kwanza si "nisahihisheje cheti changu?" bali ni "kosa limelala wapi?" Na jibu halipo kwenye cheti. Lipo kwenye daftari.

Mfano wa Zuhura

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini wenye mambo yanayotokea kila mwaka. Tuseme kuna binti anayeitwa Zuhura Athumani Mrisho. Alizaliwa katika zahanati moja mkoani Tanga, saa nane usiku, usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 15 Machi 2003. Siku ile mkunga aliandika 15 katika rejista ya wazazi, na kadi ya kliniki ikajazwa hivyo hivyo. Wazazi hawakumsajili kwa wakati. Alipoanza darasa la kwanza mwaka 2010, mwalimu alinakili jina na tarehe kutoka kwenye kadi ya kliniki.

Mwaka 2011 baba yake akaenda wilayani kumsajili, kadi akiwa ameiacha nyumbani. Karani akamuuliza, "Mzee, mtoto alizaliwa lini?" Akajibu, "Ijumaa usiku, mwezi wa tatu, mwaka elfu mbili na tatu. Katikati ya mwezi." Wakatazama kalenda, Ijumaa ya katikati ya mwezi huo ikawa tarehe 14. Ikaandikwa 14 Machi 2003. Cheti kilipotoka kilisomeka: Zuhula Athumani Mrisho, tarehe 14 Machi 2003. Kikafungwa kwenye mfuko wa nailoni, kikawekwa sandukuni.

Mwaka 2022 Zuhura amemaliza kidato cha sita. Cheti chake cha kidato cha nne kinasema Zuhura. Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na uhakiki huo huombwa kupitia mfumo wa mtandaoni unaoitwa eRITA. Ndipo sanduku linapofunguliwa na familia nzima inainama juu ya karatasi moja: herufi moja si yake, na siku moja si yake.

Ushauri atakaopewa mtaani ni mwingi. Jirani atasema, "Nenda kwa wakili uapishwe, yaishe." Mwingine atasema, "Chukua cheti kipya tu, sema hukuwahi kusajiliwa." Yupo na atakayemjua kijana wa kutengeneza cheti kwa siku moja. Tutayarudia yote hayo. Kwanza tufuate njia iliyonyooka.

Zuhura anakwenda kwenye ofisi ya wilaya alikosajiliwa, ambako Katibu Tawala wa Wilaya ndiye msajili wa wilaya, akiwa na cheti chake halisi. Haendi kuomba masahihisho bado. Anaomba ingizo lake lipekuliwe. Ofisa anachukua namba ya ingizo, anafungua daftari, wanasoma pamoja. Katika daftari jina limeandikwa Zuhura. Herufi ya R imeandikwa kwa haraka, mkono umeipandisha juu, na aliyenakili aliiona kama L. Tarehe iliyomo daftarini ni 14.

Kwa dakika chache hizo, tatizo moja limegawanyika mawili. Jina ni kosa la kunakili, na dawa yake imo ndani ya ofisi ile ile. Tarehe ni kosa la daftari, na dawa yake ni ushahidi. Kama Zuhura angeanza kwa wakili, angelipia kiapo kirefu cha kueleza jina ambalo halikuhitaji kiapo hata kidogo.

Karatasi ipi ina sauti

Kwa tarehe, Zuhura anahitaji kumwonyesha msajili kuwa alizaliwa baada ya saa sita ya usiku, tarehe 15. Nyumbani kwao ana karatasi nyingi: kadi ya kliniki, cheti cha darasa la saba, cheti cha kidato cha nne, namba ya kitambulisho cha taifa, kadi ya bima ya afya. Akizibeba zote kwa pamoja atadhani ana ushahidi mzito. Lakini karatasi hazipimwi kwa wingi wake. Hupimwa kwa umri na kwa asili.

Umri maana yake ni hii: karatasi iliyoandikwa karibu na tukio, kabla mtu yeyote hajawa na sababu ya kutaka tarehe iwe hivi au vile, ina nguvu kuliko iliyoandikwa miaka 15 baadaye. Kadi ya kliniki ya mwaka 2003, yenye uzito wa mtoto na chanjo zake zikiwa zimejazwa mwezi baada ya mwezi kwa kalamu tofauti, ni shahidi wa kwanza. Rejista ya wodi ya wazazi ni shahidi mwenzake. Zahanati ikiwa imeitunza, mganga mfawidhi anaweza kuandika barua yenye mhuri inayonukuu alichokiona: jina la mama, tarehe, saa, jinsia ya mtoto. Kwa wengine shahidi huyo ni cheti cha ubatizo kilichotolewa mtoto akiwa na miezi michache.

Asili maana yake ni kuuliza karatasi hii ilinakili kutoka wapi. Namba ya kitambulisho cha taifa ya Zuhura ilitokana na cheti chake cha kuzaliwa. Kwa hiyo nayo inasema tarehe 14, na hata kama ingesema 15 isingesaidia sana. Karatasi iliyozaliwa na cheti haiwezi kuwa shahidi wa cheti, kama vile mtoto asivyoweza kushuhudia kuzaliwa kwa mama yake. Rekodi ya shule ya mwaka 2010 ni jambo tofauti. Iliandikwa mwaka mmoja kabla ya usajili, kutoka kwenye kadi ya kliniki, hivyo haikutokana na cheti. Hiyo inafaa, ingawa ni ya pili kwa nguvu.

Zoezi zuri nyumbani ni kutandika karatasi zote mezani kwa mpangilio wa miaka zilipotolewa, ya zamani kabisa kushoto. Kisha soma tarehe ya kuzaliwa katika kila moja. Mahali tarehe inapobadilika ndipo kosa lilipoingia, na karatasi zilizo kushoto mwa mahali hapo ndizo za kubeba.

Kiapo kinachosimama

Pamoja na karatasi hizo huambatanishwa hati ya kiapo. Watu huichukulia kama karatasi ya kununua, kumbe ni maneno ya shahidi yaliyowekwa kwenye maandishi. Kwa hiyo swali la kwanza ni: nani anajua? Zuhura hajui alizaliwa saa ngapi. Hakuna binadamu anayekumbuka kuzaliwa kwake. Akiapa yeye peke yake atakuwa anasimulia aliyosimuliwa. Anayejua ni mama yake, ambaye alikuwepo kuliko mtu yeyote. Kama mama hayupo, basi shangazi aliyemsindikiza zahanati, au mtu mzima mwingine aliyekuwepo na ana kumbukumbu. Baba, ambaye ndiye mtoa taarifa wa mwaka 2011, naye anafaa kuapa kwa sababu yeye ndiye anayeweza kueleza kosa lilivyotokea. Msajili huridhika upesi zaidi anapoona sababu ya kosa kuliko anapoambiwa tu kuwa kuna kosa.

Maneno ya kiapo yawe mafupi, yenye aya zilizopewa namba, kila aya jambo moja. Kiini cha kiapo cha mama kinaweza kusomeka hivi: mimi ni mama mzazi wa Zuhura Athumani Mrisho, nilijifungua mtoto huyo katika zahanati fulani, majira ya saa nane usiku, usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 15 Machi 2003, alisajiliwa mwaka 2011 kwa ingizo namba fulani, na tarehe iliyoandikwa ni 14 Machi 2003, tarehe hiyo si sahihi, kwa kuwa mtoa taarifa aliihesabu siku kuanzia jioni ya Ijumaa, nimeambatanisha nakala ya kadi ya kliniki. Baada ya hapo huja uthibitisho wa mwapaji kuwa anayoyasema ni kweli kwa ufahamu wake, na saini yake au dole gumba.

Mwisho wa hati ndipo penye kasoro zinazorudisha watu nyumbani. Kiapo hufanyika mbele ya Kamishna wa Viapo, ambaye mara nyingi ni wakili au hakimu. Sheria ya Mathibitisho na Makamishna wa Viapo, Sura ya 12, inamtaka aandike jina lake na aeleze kwa ukweli mahali na tarehe kiapo kilipofanyika. Mhuri peke yake hautoshi. Kabla hujatoka kwenye ofisi ya wakili, soma sehemu hiyo ya chini: je, jina la kamishna limeandikwa? Je, mahali pametajwa? Je, tarehe imejazwa, au nafasi imebaki wazi? Je, mwapaji amesaini mbele yake? Pia linganisha tahajia ya jina katika aya zote. Si ajabu kukuta hati ya kusahihisha jina lililokosewa ikiwa imelikosea jina lile lile mara ya pili.

Kuna aina moja ya kiapo inayohitaji tahadhari, nayo ni ile inayosema kuwa Zuhura na Zuhula ni mtu mmoja. Hati hiyo ina kazi yake. Inaweza kuwa daraja la muda, kwa mfano benki inapotaka maelezo ya tofauti ndogo ya jina. Lakini haigusi daftari. Baada ya miaka mitano cheti bado kitasoma Zuhula, na kila ofisi mpya itaamua yenyewe kama inalikubali daraja hilo au la.

Mezani kwa msajili

Ombi lenyewe linapowasilishwa, iwe ofisini au kupitia eRITA, msingi wake ni mmoja: maelezo ya kinachoombwa, cheti halisi chenye kosa, hati ya kiapo, nyaraka za ushahidi na ada. Ada iulizwe kwenye dirisha la ofisi au kwenye mfumo wenyewe, ilipwe kwa namba ya malipo ya serikali inayotolewa hapo, na risiti itunzwe. Malipo yasiyo na namba hiyo si ada.

Katika maelezo, andika kosa na usahihi wake kwa namna isiyoweza kusomwa mara mbili. Usiandike "tarehe imekosewa." Andika: "Tarehe ya kuzaliwa imeandikwa 14 Machi 2003, isomeke 15 Machi 2003." Mwezi uandikwe kwa jina. Tarehe kama 3/4/2003 ni mtego, kwa sababu mmoja ataisoma tarehe 3 Aprili na mwingine tarehe 4 Machi. Kama cheti chako kimekosewa mwezi na siku, angalia kwanza kama hazikubadilishana nafasi tu. Ukimwonyesha ofisa hilo, umeshamweleza nusu ya kisa.

Msajili akiridhika, hafuti ingizo la zamani kwa kifutio. Kumbukumbu ya usajili husahihishwa kwa namna inayoacha dalili: kilichokuwepo kinaonekana, na marekebisho yanaandikwa na kusainiwa na aliyepewa mamlaka hayo. Ndiyo maana kosa dogo huchukua muda kuliko mtu anavyotarajia. Pia ndiyo maana cheti kilichochezewa kwa kalamu nyumbani hupoteza thamani yote. Hata kama L imegeuzwa R kwa ustadi, ofisa atakayefungua daftari ataona mambo mawili yasiyolingana, na kuanzia hapo mwenye cheti anatazamwa kwa jicho lingine.

Ombi linaweza pia kukataliwa, na sababu ya kawaida ni ukubwa wa mabadiliko. Kuhamisha siku moja kwa sababu ya usiku wa manane kunaeleweka. Kuhamisha miaka minne kunagusa mambo mengi. Msajili atajiuliza kama mwombaji angeanza darasa la kwanza akiwa na miaka mitatu, kama mdogo wake aliyesajiliwa vizuri sasa atakuwa kaka yake, na kama tarehe mpya haiji baada ya tarehe ya usajili wenyewe. Haya ni maswali ya haki. Tarehe ya kuzaliwa huamua nani anastaafu lini na nani anacheza timu ya vijana. Kwa watumishi wa umma, tarehe aliyoijaza mtumishi alipoajiriwa mara ya kwanza ndiyo inayoshikiliwa, hivyo kusahihisha cheti ukiwa karibu na kustaafu hakusogezi siku ya kuondoka kazini.

Njia za mkato

Sasa turudi kwa jirani. Ushauri wa kusajiliwa upya kana kwamba hukuwahi kusajiliwa ndio wenye madhara makubwa kuliko yote, na ndio unaosikika sana, kwa sababu siku ile ile unaonekana umefaulu. Mtu hupata cheti kipya chenye jina safi. Lakini sasa ana maingizo mawili, wazazi wale wale, na kuzaliwa mara mbili kwa tofauti ya siku moja. Siku moja maingizo hayo yatakutana katika uhakiki, na hapo hataulizwa tena kuhusu herufi. Ataulizwa kwa nini alitoa tamko la uongo kwa msajili.

Cheti cha vishoka nacho hufa mapema zaidi. Karatasi inaweza kufanana, mhuri ukafanana, na namba ya ingizo ikaandikwa pale juu. Lakini anayehakiki haangalii karatasi. Anafuata namba hadi daftarini, na mstari haupo, au ni wa mtoto mwingine.

Ipo na njia ya mkato ambayo watu waaminifu huifuata bila kujua. Mtu anakuta cheti cha kuzaliwa kina jina sahihi, ila cheti cha shule ndicho kilichokosewa, naye kwa kuwa cheti cha shule kina matokeo ya mtihani anaona bora asahihishe cha kuzaliwa kifuate cha shule. Hapo anaombea kosa liingie kwenye shina. Baraza la Mitihani hutoa cheti kwa jina ambalo mtahiniwa alisajiliwa nalo, kwa hiyo wakati wa kulipigania jina ni pale orodha ya watahiniwa inapoletwa shuleni kuhakikiwa, kabla ya mtihani. Mzazi mwenye mtoto wa shule ya msingi achukue cheti cha kuzaliwa leo, aende nacho kwa mwalimu, walinganishe na jina lililo kwenye kumbukumbu za shule. Jina hilo ndilo litakalopanda naye hadi sekondari.

Baada ya kusahihishwa

Zuhura akipata cheti chake kipya, kazi haijaisha. Karatasi zote zilizozaliwa na cheti cha zamani bado zina tarehe 14. Anayefuata ni kitambulisho cha taifa, kwa sababu benki, laini ya simu na pasipoti huchota taarifa humo. Hayo mengine hufuata baadaye. Akianza na pasipoti kabla ya kitambulisho, atajikuta anaelezea tofauti mpya aliyoitengeneza mwenyewe. Na kama aliomba uhakiki wa cheti cha awali, auombe upya kwa kilichosahihishwa. Nakala ya cheti cha zamani, hati ya kiapo na risiti avihifadhi pamoja, kwa sababu huenda siku moja akaulizwa kwa nini kumbukumbu fulani ya 2021 inasema vingine.

Kanuni ya shina inasaidia hata walio nje ya mfano huu. Aliyezaliwa Unguja au Pemba ataifuata kumbukumbu yake kwenye Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar, hata kama amekulia Mwanza. Aliyezaliwa na kusajiliwa Mombasa atarudi kwenye usajili wa Kenya, hata kama ameolewa Muheza. Haijalishi unaishi wapi. Linalohesabika ni daftari lako lilipo.

Na kwa mzazi mwenye kichanga mikononi, haya yote yanaweza kuzuiwa wodini. Andika jina la mtoto kwa herufi kubwa kwenye kipande cha karatasi, mpe anayejaza, usimtamkie. Majina ya baba na mama yaandikwe kama yalivyo kwenye vitambulisho vyao. Chini ya mpango wa kusajili watoto walio chini ya miaka mitano, katika mikoa mingi cheti hutolewa bila malipo kwenye kituo cha afya au ofisi ya mtendaji wa kata, na hujazwa kwa mkono, hivyo kisome mbele ya aliyekiandika, herufi moja moja, kabla hajakigeukia cha mtoto mwingine. Mtoto akizaliwa usiku, usiseme siku. Muulize mkunga tarehe aliyoandika, kisha uishike hiyo hiyo. Kama baba yake Zuhura angebeba kadi ya kliniki siku ile ya mwaka 2011, binti yake asingehitaji shahidi wa usiku wake wa kwanza duniani.